Mpishi hajaja, hausikipa kakalishwa mapokezi: waliofundishana kazi hotelini tupeane uzoefu

Kiboko_ya_Shuka
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita lodge moja aliyenipokea ana aproni ya jikoni na unga mkononi nikacheka peke yangu, maana hiyo siku naijua inavyokuwa. Sisi tuko Moshi, vyumba 12, wafanyakazi saba, mmoja akifiwa tu ratiba yote inalala chali. Sasa bosi kasema masika hii wageni wakipungua kila mtu ajifunze kazi ya mwenzake. Waliopitia hebu semeni mlifanyaje na iliwashindia wapi.

bintiwapwani
Wetu alikuwa "anaumwa" kila jumatatu. Naishia hapo.

Mama_Lodge
Kiboko mwanangu, mwambie bosi asifundishe mtu kazi nzima, afundishe vipande. Hausikipa wangu akikaa mapokezi anajua kuangalia ubao kabla hajatoa funguo, kumwandika mgeni kitabuni akiwa na kitambulisho mkononi, na kupokea hela akatoa risiti. Basi. Kurudisha hela, kupunguza bei au kumhamisha mgeni chumba, anapiga simu. Na hesabu ya droo wanahesabu wawili, anayetoka na anayeingia, wote wanasaini, la sivyo hela ikipungua utasikia "haikuwa zamu yangu" mpaka uchoke.

Wa mapokezi naye jikoni simfundishi pilau. Kuna menyu ya dharura imebandikwa ukutani: chai, mkate, mayai, matunda. Supu siku hiyo haipo na mgeni anaambiwa mapema kabla hajakaa.

Halafu piga hesabu ya muda. Mpishi hayupo, umemtoa hausikipa aende kwenye chai kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4. Una vyumba vitano wageni wanaondoka, vitatu wanaendelea. Cha anayeondoka weka nusu saa, cha anayeendelea robo saa. Hapo ni saa tatu na robo, kwa hiyo anamaliza saa 7 na robo mchana na wageni wapya unawaruhusu saa 8. Inatosha, ila ukipokea oda za chakula cha mchana tu umeharibu. Mimi siku hiyo mchana nafunga jiko.

Ngosha_asiyechoka
Yaani kazi tatu mshahara mmoja mnaita mafunzo 😂 Mama Lodge unamlipa huyo hausikipa aliyeamka saa 10 usiku kuja kukaanga mayai?

Mama_Lodge
Nampa nauli na anakula.

Ngosha_asiyechoka
Nauli sio ovataimu mama yangu. Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi unalipa mara moja na nusu. Wali wa jikoni haujaandikwa humo.

Mama_Lodge
Saa 45 hazizidi, akiingia mapema anatoka mapema. We umewahi kulipa mshahara wa watu saba mwezi wa nne vyumba viko vitupu?

Ngosha_asiyechoka
Sijawahi. Nimewahi kutolipwa.

Tajiri_Mtarajiwa
Samahani wakuu nina mdogo wangu kamaliza kozi ya hoteli mwaka jana, hiyo lodge ya Moshi mnaajiri?

Chef_Kandambili
Mimi mpishi. Hili la hausikipa kuingia jikoni halina shida akivaa glavu, tusikuze mambo.

Dada_Afya
Kaka glavu alizoshikia brashi ya choo au zipi? Cha msingi ni mpangilio, jikoni kwanza halafu vyumbani. Akishaingia vyooni siku hiyo harudi kwenye chakula, na ikilazimika aoge abadilishe nguo zote, maana kinachobeba uchafu ni sketi na mikono ya shati, glavu haifiki huko. Na wote mnaotaka wasaidie jikoni wapimwe. Nimekaa kaunta miaka, bwana afya akija haulizi mpishi nani, anauliza cheti cha huyu aliyeshika sahani kiko wapi na kama kimepita miezi sita.

Chef_Kandambili
Cheti ni cha mpishi, mhudumu anapeleka tu sahani.

Dada_Afya
Ngoja akukute.

Mlinzi_wa_Zamani
Mmenikumbusha ya chumba namba 7 aisee. Nilikuwa mlinzi hoteli moja ndogo, mji sitautaja. Kuna mzee alilipia siku moja, jioni akampigia dada wa mapokezi kwenye simu yake binafsi kwamba anaongeza siku, na hela akaituma kwa simu. Dada akajibu sawa baba, kesho yake mtoto wake akaugua hakuja. Ubao bado unasema 7 anaondoka. Hausikipa akawekwa mapokezi, na kijana wa kuosha vyombo akapelekwa kutandika vyumba, ndio mara yake ya kwanza. Kaingia 7 akakuta begi, viatu, dawa za presha mezani, mwenyewe katoka. Akatandika vizuri kabisa, akalikunjia hadi taulo lile begi pembeni, akashuka akasema vyumba vyote tayari! Hausikipa kuuliza tayari vyote? Vyote dada. Akafuta 7 ubaoni.

Mzee alirudi jioni mimi nikiwa bombani, funguo anayo, akapanda akalala. Saa 5 usiku basi likashusha watu, jamaa mmoja na mizigo yake akapewa funguo ya akiba ya 7. Ile kufungua, mzee kaamka gizani anapiga kelele MWIZI MWIZI. Mimi huyo na rungu ngazini, nakuta mtu na begi kubwa anatoka mbio chumbani, sasa wewe ungefikiria nini? Namshukuru Mungu alianguka mwenyewe kabla sijamfikia.

bintiwapwani
😭😭😭 na taulo likakunjwa

Chef_Kandambili
Mzee alikuwa peke yake lakini?

Mlinzi_wa_Zamani
Hilo tuliache.

Ngosha_asiyechoka
Hausikipa alikatwa mshahara si ndio?

Mlinzi_wa_Zamani
Alikatwa yeye, dada wa simu hakukatwa.

Mama_Lodge
Na ndio wanapokosea. Yule kijana kutandika alifundishwa, hakufundishwa kushangaa. Chumba ambacho ubao unasema anaondoka ukikuta begi, hiyo ni habari, unashuka kuisema kabla hujagusa shuka. Hausikipa mzoefu angelijua hilo hata usingizini kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni wa kazi. Mimi sasa anayesaidia vyumba anapewa karatasi, kila chumba anaandika amekuta nini, mizigo ipo au haipo, na mapokezi wanalinganisha na ubao. Na simu ya kuongeza siku inaandikwa kitabuni palepale, sitaki kusikia wasap ya mtu.

Pwani_Mombasa
Ongezeni na dawa za kuosha choo. Kwetu kijana wa jikoni alipewa vyoo, akaona jiki peke yake haing'arishi akachanganya na ile dawa ya choo ya asidi, chumba hakina dirisha kubwa. Alitolewa anakohoa machozi yanamtoka. Sasa hivi anayesaidia anatandika na kufagia tu, bafu ni la hausikipa mwenyewe.

Kiboko_ya_Shuka
Hii ya jiki sikuijua, naipeleka kwa bosi. Mama Lodge mnafundishana siku ngapi?

Mama_Lodge
Siku ya kwanza anaangalia, ya pili anafanya mwenzake amesimama, ya tatu peke yake mimi niko karibu. Halafu kila mwezi arudie zamu moja hata kama wote wapo, maana asiporudia ile mashine ya EFD atakuwa kaisahau siku unayomhitaji.

Chef_Kandambili
Mimi mtu akijua jiko langu si ndio nitafukuzwa? Siri ya supu sifundishi.

Ngosha_asiyechoka
Hapo kwa mara ya kwanza naungana na wewe.

Tajiri_Mtarajiwa
Mdogo wangu supu anaijua. Namba ya bosi tafadhali.