Maulidi kwenu ikoje? Tupeane uzoefu, wanaosoma na walioacha

BintiPangani
Asalaam aleykum ndugu zangu. Mzee wangu anasomesha maulidi kila Mfunguo Sita tangu mie sijazaliwa, mikeka uani, chetezo cha udi, watoto wa chuo wanasoma Barzanji kwa zamu, halafu pilau. Mwaka huu kakangu mkubwa karudi kutoka masomoni Uarabuni, wageni wameshakaa, akamwambia mzee mbele za watu kuwa huo ni uzushi na chakula chake yeye hali. Mzee hakujibu, kachukua mrashi akaendelea kuwanyunyizia watu marashi mikononi, ila mkono ulikuwa unamtetemeka nimeuona mwenyewe. Hadi leo ni salamu tu basi. Siombi fatwa hapa, nataka kujua kwenu mliishije na jambo hili, na kama kuna masheikh wakubwa waliolikubali walikubali kwa lipi, maana kakangu anasema hakuna.

Msafiri_K
Kakako yuko sahihi dada. Maulidi ilianzishwa na Mashia wa Fatimiya kule Misri, Maswahaba hawakuifanya, Mtume kasema kila uzushi ni upotevu. Hakuna alimu wa Sunni aliyeikubali, ni mambo ya mababu tu.

mama_wa_watatu
Jamani mie naomba kuuliza hapo hapo, nahamia nyumba mpya mwezi ujao nataka maulidi ya kuingilia nyumba, ya wanawake, je nianze baada ya alasiri au baada ya isha? Na wasomaji unawapa bahasha au chakula kinatosha?

Ustadh_Mstaafu
Mama wa watatu anza baada ya alasiri ili magharibi watu wawe wameshatawanyika, bahasha ni hiari yako.

Msafiri, umepatia nusu. Kweli Fatimiya walikuwa na sherehe ya mazazi Cairo, ila ilikuwa ya ikulu. Iliyokuja kujulikana kwa Masunni ni ile ya Irbil, mji wa Iraq, ya mtawala Muzaffaruddin aliyefariki 1233, huyo ni Sunni na alikuwa shemeji yake Salahuddin. Hapo ndipo maulamaa wakaanza kuandikiana, na nitawaeleza mzozo mmoja tu kwa kirefu maana huo ndio unaogusa nyumba ya BintiPangani.

Kulikuwa na alimu wa Kimaliki wa Iskandariya, Al-Fakihani, kafariki 1334. Yeye kaandika kijitabu kupinga. Sasa sikilizeni alivyogawa: akasema mtu akitumia mali yake kulisha ahali zake na wenzake, wakala wakaondoka bila dhambi yoyote, hilo kwake ni bidaa ya makuruhu, lakini ikiwa watu wanachangishwa huku nyoyo zinawauma, kuna ngoma na mchanganyiko wa wanaume na wanawake, hilo ndilo haramu. Halafu akaongeza kuwa mwezi huo huo aliozaliwa Mtume ndio aliofariki, sasa kwa nini kufurahi kuwe bora kuliko kuhuzunika?

Imamu Suyuti wa Misri, kafariki 1505, kamjibu hoja moja moja. La haramu akasema uharamu unatoka kwenye kilichoambatishwa, si kwenye mkusanyiko wa kumshukuru Mungu, kwani hata watu wakifanya maovu kwenye mkusanyiko wa Ijumaa hatufuti Ijumaa, tunakataza maovu. La huzuni akasema sheria imetuamrisha kuchinja akika mtoto akizaliwa na haikutuamrisha kuchinja mtu akifa, bali ikakataza kuomboleza kwa mayowe, basi sheria yenyewe imeonyesha mwezi huu ni wa kudhihirisha furaha.

Na msingi wenyewe kaunukuu kwa Ibn Hajar Al-Asqalani, aliyefariki 1449. Yeye kakiri wazi kuwa kizazi cha mwanzo hawakuifanya, hakuficha. Ila akaitafutia asili kwenye hadithi ya Ashura iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume alipofika Madina akakuta Mayahudi wanafunga siku aliyookolewa Musa, naye akafunga na akaamrisha ifungwe. Ibn Hajar akasema hapo tunajifunza kuwa siku iliyoshushiwa neema hushukuriwa kila inaporudi, na kuzaliwa Mtume ni neema kubwa. Ila akaweka mpaka, iwe kusoma Quran, kulisha, sadaka na kasida za kumsifu.

Msafiri_K
Sawa sheikh hilo la Irbil nilikuwa silijui. Ila Ashura aliifunga Mtume mwenyewe, hii ya maulidi kaifunga nani? Alipoulizwa kuhusu Jumatatu alisema ndiyo siku niliyozaliwa, na alikuwa anafunga. Basi tufunge Jumatatu, tuache pilau.

Ustadh_Mstaafu
Hilo ni swali zito wala sikubezi. Wanaopinga hapo ndipo penye nguvu zao. Wanaokubali wanaitumia hadithi hiyo hiyo, wanasema kumbe siku ya kuzaliwa kwake ina hadhi yake, namna ya kushukuru ndiyo pana. Mpaka leo hawajakubaliana.

Fundi_Bati
Sisi kwetu tumeacha na nitasema ukweli kwa nini, si kwa kitabu. Mtaani kwetu kamati ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba na daftari, usipotoa jina linasomwa kwenye kipaza sauti, mwaka mmoja mke wangu kajifungua kwa upasuaji sina hata senti na wakanisoma. Tena watu wanakesha na kaswida mpaka saa nane, alfajiri msikitini safu moja haijai. Nikisoma hapo juu yule wa Iskandariya kasema nyoyo zinawauma, nimehisi kama alikuwa mtaani kwetu.

Mwana_wa_Langoni
Pole sana Fundi. Lamu kwetu ni tofauti kidogo, kuna msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, maulidi ya Al-Habshi, ile aliyoitunga Habib Ali wa Seiyun. Zefe linapita na matari. Babu yangu hakuwa na neno na kusoma, ila matari ndani ya msikiti hakuyataka, alikuwa anakaa nje mpaka yaishe kisha anaingia kwenye dua, miaka yote, na hakuna aliyemtoa Uislamu. Kwetu ugomvi mkubwa ulikuwa kiyamu, watu wakisimama pale yanaposomwa mazazi wengine wanasema wanadhani Mtume anaingia.

Ustadh_Mstaafu
Kwenye kiyamu waambieni waisome Barzanji yenyewe. Pale pale mtunzi kasema maimamu *wameona ni vizuri* kusimama, hakusema lazima, wala hakusema Mtume anaingia. Aliyekaa kitako hana dhambi hata kwa kitabu hicho.

BintiPangani
Nimerudi. Nilimsomea kakangu ile ya Ibn Hajar, akanyamaza kabisa maana Fathul Bari ndiyo anayoisoma kila siku baada ya alfajiri na ni ya huyo huyo. Akasema ataitafuta kwa macho yake, na hata ikiwepo yeye bado anaona Ibn Hajar kakosea hapo. Ila kaenda kwa mzee kuomba radhi kwa kumsema mbele za watu. Mzee kasema kusamehe amesamehe ila mwakani atasomesha, na kakangu kasema hatakuja.

Leo Jumatatu kakangu kafunga. Mzee kaniuliza anafuturu nini, nikamwambia uji na tambi. Kaniambia katika wale samaki mkatie kibua kimoja umpelekee kikiwa bado cha moto.