Aya ya mwisho ya makala ya ushauri mnaimalizaje? Tupeane uzoefu

Kalamu Kavu: Wakuu, nimesoma kipeperushi cha mdondo wa kuku kilichobandikwa ofisi ya kijiji chetu. Maelezo mazuri kabisa, halafu kinaishia hivi: "Tukishirikiana sote tutautokomeza ugonjwa huu." Jirani yangu akaniuliza, sasa mimi nifanye nini? Mnaoandikia wafugaji, hitimisho mnaliandikaje?

Mwalimu wa Zamu: Hitimisho ni muhtasari. Kila kichwa kidogo kitolee sentensi moja, kisha weka wito. Usilete jambo jipya.

Bwana Mifugo: Mwalimu, kuhusu jambo jipya nakuunga mkono, ila kupitia kila kichwa hapana. Makala ya mdondo ina chanzo, dalili, namna unavyoenea, chanjo na usafi wa banda. Ukivirudisha vyote umeandika makala ya pili. Mimi naanza na wito: namtaka mfugaji afanye nini, lini? Nikishaujua, narudi juu kuchukua yale tu yatakayomfanya akubali. Shingo kupinda na kinyesi cha kijani vinabaki hukohuko juu. Mfano:

"Mdondo hauna dawa, na kuku akishaugua chanjo haimsaidii. Tone moja la chanjo ya I-2 jichoni humkinga kuku mzima, lakini kinga hupungua, hivyo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Ijumaa jioni hesabu kuku wako, mpe mjumbe idadi. Jumamosi asubuhi usiwafungulie mpaka mchanjaji apite."

Idadi inatakiwa kwa sababu chupa moja inachanja kuku wengi, na ikishafunguliwa haikai. Na kuku wa kienyeji akishatoka bandani, nani atamkamata?

Mama Vifaranga: Hapo pa kutofungulia ndipo wataalamu wengi wanapopasahau. Ahsante kaka.

Ngurumo: Miezi 3 umeitoa wapi? Huku kwetu tunachanja kila miezi 4, mara tatu kwa mwaka.

Bwana Mifugo: Zipo kampeni zinazokwenda hivyo, mkuu. Mimi nafuata ratiba ya kata yetu.

Ngurumo: Basi msomaji wa kata nyingine umemwacha njia panda. Andika "kwa ratiba ya kata yako".

Bwana Mifugo: Akishaanza kuitafuta ratiba, hachanji. Nabaki na namba.

Sauti ya Bonde: Mmenikumbusha jambo zito. Niliandikia redio moja ya jamii kipindi cha dakika 5 kuhusu chanjo hii hii, wito ukiwa mwisho kabisa: kuku wabaki bandani, mchanjaji atapita nyumba kwa nyumba, mwenye kuku mgonjwa asimtoe. Siku ya kurushwa, taarifa ya habari ikawadia na fundi mitambo akakata mkia wa kipindi. Watu wakabaki na moja tu, kwamba Jumamosi kuna chanjo kijijini.

Asubuhi wakajaa ofisi ya kijiji na matenga. Bibi mmoja katoka mbali kwa miguu, tenga lake lina kuku watatu wanaosinzia, mmoja shingo imeshapinda. Akaliweka kivulini, katikati ya matenga ya wenzake. Mchanjaji alipofika tayari wazima na wagonjwa wamepumuliana saa nzima. Alikataa kuwachanja wale watatu, bibi akalia mbele za watu. Wiki ile kaya zilizokaa kivuli kile zilizika kuku. Chanjo haijapata muda wa kufanya kazi, virusi vimeshaingia.

Tangu hapo kwenye redio kitendo nakitaja mapema, nakirudia mwishoni, na fundi nampa karatasi ya wito peke yake aisome hata kipindi kikikatwa.

Mama Vifaranga: Jamani, bibi wa watu! Alirudi na kuku wake?

Sauti ya Bonde: Alirudi nao, ndiyo. Siku zilizofuata wakafa wote watatu.

Mwalimu wa Zamu: Pole sana. Lakini wito ukikaa mapema, hilo si hitimisho tena.

Ngurumo: Mwalimu, liite unavyotaka. Gazetini nako mhariri akikosa nafasi anapunguza kutokea chini. Omba wito uwekwe kwenye kisanduku.

Msomaji Kimya: Samahani, mimi nina tasnifu ya shahada, sura ya tano. Nayo niite watu wafungie kuku?

Mwalimu wa Zamu: Mwanangu, huko andika mapendekezo, na kila pendekezo litaje ni la nani: halmashauri, wafugaji au watafiti.

Kalamu Kavu: Bwana Mifugo, nimekuelewa. Ila kipeperushi kinakaa ukutani mwaka mzima. Jumamosi hiyo ikipita?

Mama Vifaranga: Acha nafasi wazi ya tarehe, mtendaji ajaze kwa kalamu kila awamu.

Ngurumo: Mtendaji wetu? Atajaza mara ya kwanza tu. Mimi nasema mkabidhi mjumbe, yeye ndiye anayepita nyumbani.