Tupeane uzoefu: siku moja imebaki na autlaini ya kozi ina mada tisa, unapangaje?

Bint_Chake
Asalaam alaykum. Keshokutwa saa 3 asubuhi tuna karatasi ya Takwimu. Kesho nzima ipo, lakini mada tisa hazisomeki zote. Karatasi ina alama 100: Sehemu A maswali manne ya lazima, kila moja alama 10, na Sehemu B unachagua matatu kati ya matano, kila moja alama 20. Mnaojua kupanga mada kwa alama na kwa udhaifu, nielezeni hatua kwa hatua.

Tunguu_B
Waalaykumu salaam. Rahisi, shoga. Angalia autlaini, mada yenye saa nyingi za darasani ndiyo yenye alama nyingi. Kisha anza na ile usiyoijua kabisa, maana huko ndiko unakopoteza zaidi.

Mwl_Makunduchi
Waalaykumu salaam wote. La saa za darasani lina ukweli wake, Tunguu_B, ila lisimame kama kisio la kwanza tu. Mada inaweza kufundishwa wiki tatu kwa sababu ni ngumu, kisha ikatoka kwa alama 10. Chukua mitihani ya nyuma mitatu au minne, uweke mbele ya autlaini, na kila swali uliandike ubavuni mwa mada yake pamoja na alama zake. Nusu saa inatosha. Kama mhadhiri amebadilika, ipe uzito zaidi mitihani yake yeye na majaribio aliyotoa muhula huu.

La pili, kuanza na usiyoijua kabisa, ndipo wengi wanapopoteza siku. Swali la kujiuliza ni hili: saa moja nikiiweka hapa, itanirudishia alama ngapi? Mada ambayo ni tupu kabisa mara nyingi imesimama juu ya mada nyingine mbili, na saa zako zinaishia kwenye msingi kabla hujagusa swali lenyewe.

Bint_Chake, fanya hivi leo usiku. Kwa kila mada chukua swali moja la nyuma, funga notsi, andika kwa dakika 10, kisha jisahihishe kwa ukali. Usijipime kwa kusoma kurasa, maana macho yakiyatambua maandishi moyo hudhani unajua. Nipe alama ulizopata.

Bint_Chake
Ahsante Mwalimu. Sehemu A: wastani 9 kati ya 10, mtawanyiko 5, sampuli 7, nadharia tete 1. Sehemu B, kila moja kati ya 20: uwezekano 14, regresheni 12, mgawanyo wa kawaida 8, binomia 6, nadharia tete 2. Kupanga data sijalijaribu, haliji peke yake.

Mwl_Makunduchi
Vizuri. Sehemu B unahitaji maswali matatu tu, kwa hiyo uwezekano, regresheni na mgawanyo wa kawaida ndizo zako. Binomia iache. Sasa tukisie kila mada itarudisha nini.

Mtawanyiko unakosa alama 5, na kosa kwa kawaida ni moja: kugawa kwa n pale fomula yenu inapotaka n−1, au kusahau kutafuta kipeuo cha pili mwishoni. Dakika 40 zinaweza kurudisha alama 4. Regresheni nayo mara nyingi huharibika kwenye jedwali, mtu anachanganya Σx² na (Σx)². Saa moja, alama kama 5. Mgawanyo wa kawaida unataka saa mbili, unarudisha kama 8. Uwezekano saa moja, alama 3.

Nadharia tete yote ingekula saa nne na kukupa chache. Lakini usiitupe, ikate. Kwenye swali la lazima kuna alama za kuandika dhana sifuri na dhana mbadala, kutaja kiwango cha maana na kanuni ya kukataa. Hayo hayahitaji hesabu ndefu. Nusu saa, alama 3. Kwa kipimo cha saa, kipande hicho kinalingana na mtawanyiko, vyote viwili kama alama 6 kwa saa.

Jambiani_Kusi
Mimi Fomu Foo, mtihani wangu wa Baiolojia una na vitendo. Hii inafaa na kwangu? Maana silabasi yangu ni ya miaka minne!

Tunguu_B
Mdogo wangu, wako tofauti. Silabasi ya miaka minne huimalizi kuipima usiku mmoja. Pima mada zinazorudi kila mwaka tu. Na karatasi ya vitendo itenge, haisomeki kwa kukariri.

Mkarafuu
Mwalimu, mpangilio ukifuata alama kwa saa, mgawanyo wa kawaida unakuja wa nne. Mimi ningeuanza wa kwanza.

Mwl_Makunduchi
Nakubaliana nawe. Alama kwa saa zinaamua kipi kiingie kwenye siku. Mfuatano unaamuliwa na kipi kinabeba kingine. Swali la sampuli linatumia jedwali lile lile la z, kwa hiyo baada ya alfajiri, kichwa kikiwa chepesi, ndiyo saa ya mgawanyo wa kawaida.

Na hapo tazama jambo dogo linaloangusha watu. Magunia ya karafuu yana wastani wa kilo 50 na mkengeuko sanifu wa kilo 4. Uwezekano wa gunia kuwa kati ya kilo 48 na 54? Unapata z = −0.5 na z = 1. Jedwali linalohesabu eneo lote la kushoto linatoa 0.3085 na 0.8413, unatoa, jibu 0.5328. Jedwali linaloanzia katikati linatoa 0.1915 na 0.3413, na hapo unajumlisha, jibu lile lile. Anayekariri "toa" bila kutazama anaandika 0.1498 na anaendelea kwa raha. Kagua mtihani wenu huambatanishwa jedwali gani, ufanyie mazoezi hilo hilo.

Bint_Chake
Kwa hiyo: alfajiri mgawanyo wa kawaida, kisha mtawanyiko, baada ya adhuhuri regresheni, alasiri uwezekano, baada ya magharibi kipande cha nadharia tete?

Mwl_Makunduchi
Ndivyo. Na kila mada iwekee saa ya kufunga. Saa mbili za mgawanyo wa kawaida zikiisha na bado unakosea, ongeza dakika 20 tu, uhame. Kosa kubwa la siku ya mwisho ni mada ya kwanza kumeza ya pili na ya tatu. Jumla hapo ni kama saa tano na dakika kumi, ukijumlisha sala, chakula na mapumziko siku imejaa. Kabla ya isha fanya swali moja la Sehemu B kwa muda wa mtihani, bila notsi.

Mkarafuu
Mimi lile swali la muda ningeliweka saa 10 jioni, si usiku. Likiharibika usiku huna pa kurekebisha.

Mwl_Makunduchi
Lakini jioni regresheni bado mbichi, utapima kitu ambacho hakijakaa.

Mkarafuu
Basi apime mgawanyo wa kawaida jioni, regresheni aache. Mimi bado naona jioni.

Tunguu_B
Na wastani je? Amepata 9, asiguse kabisa?

Mwl_Makunduchi
Dakika 10 asubuhi ya mtihani, aandike fomula ya data zilizo kwenye makundi mara moja kwa mkono. Zaidi ya hapo anatafuta alama 1 kwa bei ya alama 4.