Mrejesho: mteremko wa w1 umepatikana

Niliuliza kuhusu mtandao mdogo wa neva wenye ingizo x, uzito w1 na w2, tokeo y, lengo t na hasara L: "Hasara inahesabiwa kwenye y, mbali na w1. Mteremko wa w1 unapatikanaje?"

Wakuu, nimekokotoa kwa mkono kwa kanuni ya mnyororo.

```
x=2  w1=0.5  w2=3  t=1
h = max(0, w1*x) = 1
y = w2*h = 3
L = (y-t)^2/2 = 2
```

Tunaanzia mwisho: dL/dy = y-t = 2. Zidisha kwa w2, dL/dh = 6. Zidisha tena kwa x, dL/dw1 = 12. (w1*x ingekuwa hasi, max ingekata mnyororo na w1 ingebaki na sifuri.)

Nikahakiki: w1 ikiwa 0.501, L inakuwa 2.012018. Ongezeko hilo ukiligawa kwa 0.001 unapata 12.018, karibu kabisa na 12.

Angalizo: usisasishe w2 kabla ya kupata dL/dh. Mteremko wa w2 ni dL/dy*h = 2, hivyo kwa hatua ya 0.1, w2 inashuka hadi 2.8 na w1 inapata mteremko wa 11.2 badala ya 12. Programu haitalalamika, ni uhakiki huo tu utakaoonyesha tofauti.