Mrejesho: andiko la awali la mradi limeingia kurasa mbili

Niliuliza: "Andiko langu lina kurasa tano, mfadhili anataka mbili. Nipunguze wapi bila kupoteza hitaji, mbinu na makadirio ya bajeti?"

Asanteni sana wadau, limeenea. Kilichosaidia zaidi ni kuishika kila sentensi ya hitaji na kuuliza: ni shughuli gani ya mradi inayoijibu? Mradi ni wa matangi ya maji ya mvua shuleni. Aya ya uhaba wa vitabu ikatoka, ingawa ni kweli tupu. Ukabaki utoro wa watoto wanaotumwa kuteka maji saa za masomo. Hitaji likashuka hadi theluthi ya ukurasa.

Mbinu nimeipa zaidi ya ukurasa mzima: nani atajenga, nani atasafisha mifereji ya paa mradi ukiisha.

Jedwali la vifaa linasubiri andiko kamili. Kwenye bajeti nimeweka kiwango cha chini na cha juu, pamoja na sentensi moja: cha chini kinatosha shule 4, cha juu shule 6. Bila sentensi hiyo, pengo kati ya viwango lilionekana la kubahatisha.

Fonti na pambizo sikuzibana.