Kampuni ikinunua hisa zake yenyewe, ongezeko la bei hutoka wapi?

Mwanahisa Mgeni
Kampuni ambayo nina hisa zake inataka kutumia akiba yake ya shilingi milioni 100 kununua hisa zake yenyewe. Faida ya mwaka ni milioni 200, hisa zote ni milioni 50, na bei ni shilingi 40. Ikiwa uwiano wa bei kwa faida utabaki palepale, faida kwa kila hisa na bei vitakuwaje? Na je, ni jambo la haki, au wangetugawia tu fedha hizo kama gawio?

Hamisi
Hesabu yake ni nyepesi. Leo kila hisa ina faida ya shilingi 4, na soko linailipa mara 10 ya faida hiyo, ndiyo maana bei ni 40. Kwa milioni 100 kampuni itapata hisa milioni 2.5, hivyo zitabaki milioni 47.5. Faida ileile ya milioni 200 ikigawanywa kwa hisa hizo, kila moja inapata takriban shilingi 4.21, na mara 10 yake ni 42.11. Anayebaki na hisa zake ameongezewa zaidi ya asilimia 5 bila kutoa hata senti. Gawio lingempa shilingi 2 tu kwa kila hisa, tena zikatwe kodi. Sioni kinacholalamikiwa hapa. Anayeuza kwa 40 wakati wenzake wanasubiri 42.11 amekosa subira, na hasara ya kukosa subira ni yake mwenyewe.

Zuhura
Ndugu Hamisi, maneno yako ya mwisho yameniuma, na nitakueleza kwa nini. Niliwahi kumiliki hisa za kampuni moja iliyokuwa ikinunua hisa zake sokoni, nami nikauza kwa sababu nilikuwa na mgonjwa wa kuhudumia. Sikuwa na nafasi ya kuchagua kati ya subira na pupa. Baadaye hesabu za mwaka zilipotoka, faida kwa kila hisa ilikuwa imepanda, na bei ikaifuata. Wewe unaita hilo zawadi ya waliosubiri. Mimi nakuuliza jambo moja tu: hiyo shilingi 2.11 imetoka wapi? Kampuni haikuuza bidhaa zaidi, haikupunguza gharama, na faida yake ni ileile milioni 200.

Hamisi
Dada Zuhura, pole kwa yaliyokupata, lakini soko haliulizi sababu ya mtu kuuza. Uliuza kwa hiari, kwa bei iliyokuwa ubaoni siku hiyo. Shilingi 2.11 imetokana na hisa kupungua: faida ileile, wagawanaji wachache zaidi. Ni jambo ambalo mtoto wa shule anaweza kulihakiki.

Mpita Njia
Samahani, naona mnagombana bure. Kampuni imetoa fedha na kupata hisa zenye thamani ileile. Mali yake haijapungua, imebadilika umbo tu. Kwa hiyo kampuni nzima bado ina thamani ya milioni 2,000, na bei ya 42.11 ni sahihi kabisa.

Mkaguzi Mstaafu
Hapana, ndugu Mpita Njia. Hisa ambazo kampuni imejinunulia si mali yake. Huwezi kuwa mdai wa nafsi yako mwenyewe. Katika vitabu vya hesabu hisa hizo hupunguzwa moja kwa moja kwenye mtaji wa wanahisa, kwa hiyo milioni 100 zimetoka mlangoni na hazikuacha kitu nyuma yake.

Dada Zuhura ameuliza swali ambalo Hamisi amelipita, ingawa mahesabu yake hayana kosa. Kabla ya ununuzi, hisa milioni 50 kwa bei ya 40 zilifanya kampuni nzima iwe na thamani ya milioni 2,000, na ndani ya thamani hiyo mlikuwamo akiba ya milioni 100. Baada ya ununuzi, hisa milioni 47.5 kwa bei ya 42.11 zinafanya milioni 2,000 zilezile. Yaani kampuni imetoa milioni 100 na soko linaendelea kuithamini kana kwamba haikutoa chochote. Hicho ndicho kinachosemwa kimyakimya tunapotamka kwamba uwiano utabaki palepale.

Soko likihesabu akiba shilingi kwa shilingi, kampuni iliyobaki ina thamani ya milioni 1,900. Gawanya kwa hisa milioni 47.5, utapata 40 kamili. Faida kwa kila hisa imepanda hadi 4.21 kama Hamisi alivyosema, lakini uwiano umeshuka kutoka 10 hadi 9.5, na bei haikusogea hata kidogo. Kupanda kwa faida kwa kila hisa ni hesabu ya kugawanya, ilhali kupanda kwa bei kunategemea imani ya soko.

Hamisi
Mzee wangu, kwa heshima, swali lilisema uwiano haubadiliki. Hatuwezi kumjibu mtu kwa kulifuta sharti alilolitoa mwenyewe.

Mkaguzi Mstaafu
Sijalifuta, nimeonyesha uzito wake. Linaweza kuwa kweli. Chukua kampuni ambayo wanahisa wake wanahofu kwamba wakurugenzi wataitumia akiba vibaya, kwa mfano kununua biashara wasizozijua. Soko huenda linaithamini akiba hiyo kama sifuri na kuipima kampuni kwa faida yake peke yake. Akiba ikitoka salama na kuwafikia wenyewe, thamani iliyokuwa imezikwa inafufuka, nayo ndiyo shilingi 2.11 ya dada Zuhura. Lakini tazama: gawio lingeifufua vilevile. Mwanahisa angepokea shilingi 2 mkononi, faida kwa kila hisa ingebaki 4, na kwa uwiano wa 10 hisa yake ingebaki 40. Jumla ni 42, kwa kila mmoja, awe anabaki au anaondoka.

Zuhura
Nashukuru, Mzee. Kwa hiyo kwa njia ya gawio kila mtu ana 42, na kwa njia ya ununuzi anayebaki ana 42.11 na anayeondoka ana 40. Zile senti 11 zinazozidi zimetoka kwa aliyeuza.

Mkaguzi Mstaafu
Ndivyo. Hisa milioni 2.5 zilizouzwa zimekosa shilingi 2 kila moja, ambazo ni milioni 5. Gawa milioni 5 hizo kwa hisa milioni 47.5 zilizobaki, utaziona senti zako 11, kwa kukadiria. Ipo bei moja tu ambayo haimpunji mtu: kampuni ikinunua kwa 42, inapata hisa milioni 2.38, zinabaki milioni 47.62, faida kwa kila hisa inakuwa 4.20, na mara 10 yake ni 42. Aliyeuza ana 42, na aliyebaki ana 42.

Neema wa Hazina
Mimi hufanya kazi ya kusimamia fedha za kampuni, na nashangaa wote mmekubali kwamba faida itabaki milioni 200. Akiba hailali bure. Tuseme ilikuwa inaingiza asilimia 6 kwa mwaka baada ya kodi: hizo ni milioni 6 ambazo hazitaonekana tena. Faida inakuwa milioni 194, kwa kila hisa 4.08, na kwa uwiano wa 10 bei ni kama 40.84. Zaidi ya nusu ya furaha ya Hamisi imeshaondoka.

Kipimo tunachokitumia ni hiki: ukiwa na uwiano wa 10, kila shilingi 100 ya hisa unayonunua inakurudishia shilingi 10 za faida. Fedha zako zikigharimu chini ya asilimia 10 baada ya kodi, faida kwa kila hisa itapanda, na zikigharimu zaidi itashuka. Kwa hisa inayouzwa kwa mara 25 ya faida, mpaka huo ni asilimia 4 tu, hivyo kampuni inayokopa kwa asilimia 6 baada ya kodi ili kununua hisa za namna hiyo inapunguza faida kwa kila hisa kwa mkono wake. Na hata pale inapopanda kwa mkopo, deni limeongeza hatari kwa wanaobaki, kwa hiyo sioni kwa nini soko liendelee kulipa mara 10 zilezile.

Kijana wa Uchumi
Ndiyo maana jambo hili lilikuwa marufuku Marekani hadi 1982. Wakurugenzi ambao bonasi zao hupimwa kwa faida kwa kila hisa hulipenda kwa sababu wanaonekana wamekuza kampuni kwa asilimia 5 bila kuuza chochote cha ziada.

Mkaguzi Mstaafu
Halikuwa marufuku, kijana wangu. Kampuni zilinunua hisa zao hata kabla ya hapo, ila ziliogopa kushtakiwa kwa kuchezea bei. Kanuni ya 1982 iliweka masharti ambayo kampuni ikiyafuata inapata kinga dhidi ya shtaka hilo. Kuhusu bonasi uko sahihi, na dawa yake ni kuipima kwa faida yote badala ya faida kwa kila hisa.

Hamisi
Mmenizunguka pande zote, lakini hakuna aliyejibu hili. Mnasema 42 ndiyo bei ya haki. Haya, kampuni inunue kwa 42, halafu soko lifanye alivyosema Mzee mwanzoni na kuhesabu akiba shilingi kwa shilingi. Zimebaki hisa milioni 47.62, na thamani ni milioni 1,900. Bei ni 39.90. Sasa aliyebaki ndiye aliyepunjwa, na aliyeuza ameondoka na shilingi 2 zake. Mbona huyo hakuna anayemhurumia?

Neema wa Hazina
Hoja hiyo ni nzito, na hakuna mtu humu atakayeimaliza kwa kalamu na karatasi. Uwiano ukibaki, bei ya haki ni 42. Uwiano ukishuka hadi 9.5, bei ya haki ni 40. Kampuni inalazimika kuchagua bei kabla ya kujua soko litachagua lipi.

Zuhura
Soko halijui, lakini wakurugenzi wanaahidi. Kama tangazo lao linawaambia wanaobaki kwamba bei itapanda kufuata faida kwa kila hisa, wanakuwa wameshaamini kwamba uwiano hautashuka. Hawawezi kuwatajia wanaobaki 42 na siku hiyohiyo wakawalipa wanaoondoka 40.

Hamisi
Dada Zuhura, kwenye ununuzi wa sokoni wakurugenzi hawapangi bei. Wanamtuma dalali, naye ananunua kidogokidogo kwa bei anayoikuta.

Mkaguzi Mstaafu
Ni kweli, na hapo tangazo lenyewe ndilo linaloamua. Ununuzi ukitangazwa mapema pamoja na kiasi cha fedha na muda wake, na soko likaamini uwiano utabaki, hakuna atakayekubali kuuza kwa 40. Bei itaelekea 42 kabla hisa ya kwanza haijanunuliwa, na anayelazimika kuuza kwa dharura atapata haki yake sawa na anayebaki. Mwanahisa Mgeni, angalia kwanza kama tangazo lako limetaja kiasi, muda na bei ya juu kabisa, na kama hisa zitafutwa au zitahifadhiwa ili wagawiwe wafanyakazi baadaye. Zikitolewa tena, hisa zitarudi kuwa milioni 50 na ile 4.21 haitadumu.

Mwanahisa Mgeni
Nimelisoma tena. Limetaja milioni 100 na miezi 12. Bei ya juu haimo, wala hatima ya hisa zenyewe.

Zuhura
Mimi nilisoma tangazo la kampuni yangu baada ya kuuza, kwa sababu lilitoka baada ya ununuzi kuanza.