Naomba ushauri: nikizungusha rangi kwenye gurudumu, mwandiko mweupe haukai sawa

Habari zenu wakuu. Natengeneza tovuti ya duka la vitambaa, na rangi kuu ni bluu iliyokolea. Nilitafuta rangi pinzani kwa kuzungusha nyuzi 180, bila kugusa namba nyingine:

```css
--kuu: hsl(220 80% 40%);
--pinzani: hsl(40 80% 40%);
```

Kwenye kitufe cha bluu, mwandiko mweupe unasomeka vizuri sana; utofauti wake ni kama 7.7 kwa 1. Kwenye pinzani unashuka hadi 3.4, chini ya 4.5 inayotakiwa na WCAG kwa maandishi ya kawaida. Ile 40% ya mwanga ni hesabu ya RGB tu. Jicho linaona manjano ina nuru nyingi kuliko bluu hata namba zikilingana.

Rangi jirani nazo zimenisumbua. Nyuzi 250 ni zambarau nzito, utofauti 10.9, lakini 190 inapauka hadi 3.2. Zote ziko nyuzi 30 tu kutoka ile bluu!

Halafu gurudumu la wachoraji, lile la nyekundu, manjano na bluu, linaweka chungwa mkabala na bluu. La skrini linaweka manjano.

Nimejaribu `oklch()`. Mwanga umelingana, ila manjano ikiwa nzito hivyo inageuka kahawia, na mteja haitaki.

Waliozoea, je, mnaiacha pinzani iwe angavu na kuiwekea mwandiko mweusi, au mnasogeza nyuzi kuelekea chungwa?